Kumtambulisha mgeni wa podikasti bila kummalizia uhondo

Niliwahi kumhoji mkunga mstaafu mkoani Tanga. Kabla ya siku ya kurekodi tulizungumza kwa simu mara mbili, na katika simu ya pili alinisimulia usiku mmoja wa masika: lori la mkaa limekwama kwenye tope, mama mjamzito yumo humo, kituo cha afya kiko mbali, na pacha wakazaliwa juu ya magunia kwa mwanga wa tochi. Siku ilipofika nikaketi naye, nikafungua kipindi kwa bashasha, nikamtambulisha. Katika kumtambulisha nikayataja yote: lori, mkaa, tope, tochi, pacha. Nilidhani ninampa heshima yake. Baada ya dakika ishirini nikamwuliza, "Mama, hebu tusimulie usiku ule wa lori." Akanijibu: "Ndiyo, kama ulivyosema pale mwanzo, ilikuwa ndani ya lori. Tukamshukuru Mungu, watoto wakatoka salama." Basi. Sekunde kumi na mbili. Nilizihesabu wakati wa kuhariri.

Tulipozima vifaa, binti wa jirani akaleta chai. Yule mama akamgeukia, akamsimulia kisa chote kwa muda wa kama robo saa, kwa mikono na kwa sauti ya dereva na ya mjamzito. Binti hakuwa amesikia utangulizi wangu, kwa hiyo kwake kisa kilikuwa bado kibichi. Hakuna hata neno moja lililorekodiwa.

Tangu hapo nikisikia mgeni wa kipindi chochote akisema "kama ulivyosema pale mwanzo", najua kuna kitu kimeibwa. Si kwa nia mbaya. Mtangazaji amekitoa mfukoni mwa mgeni wake na kukigawa mlangoni, kabla wageni wengine hawajaketi.

Siku hizi podikasti za Kiswahili ni nyingi, na malalamiko ya wasikilizaji yanagongana. Mmoja ataandika, "Fika kwenye mada, utangulizi mrefu mno." Mwingine, "Huyu mgeni ni nani? Mbona hukumtambulisha?" Wa tatu, "Umeshasema yote mwanzoni, sasa nisikilize nini?" Anayeendesha kipindi akisoma hayo matatu kwa pamoja huona kwamba hakuna namna ya kuwaridhisha watu. Akifupisha, analaumiwa. Akirefusha, analaumiwa. Mimi naamini wote watatu wanalalamikia jambo moja, nalo si urefu. Ni uchaguzi wa kilichosemwa na kilichoachwa.

Tuanze na majina ya vitu, maana hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Katika dakika za kwanza za kipindi cha mahojiano kuna mambo matatu ambayo watu huyaita yote "intro". La kwanza ni kionjo: kipande kifupi cha sauti ya mgeni mwenyewe, kilichokatwa kutoka ndani ya mazungumzo na kuwekwa mbele kabisa. La pili ni utangulizi: maneno ya mtangazaji peke yake, akimwambia msikilizaji atamsikia nani na kwa nini. Mara nyingi kiashirio cha kipindi, yaani ule muziki wake wa kudumu, huchezwa kabla au baada ya hapo. La tatu ni ukaribisho: pale mtangazaji anapomgeukia mgeni na kumwambia, "Karibu sana, Mzee," na mgeni akaitika.

Makosa mengi hutokana na kuyachanganya la pili na la tatu. Utangulizi ni wa msikilizaji. Mgeni hahitaji kuambiwa yeye ni nani. Ukimsomea mtu maisha yake uso kwa uso, hana la kufanya isipokuwa kuinamisha kichwa na kusema "asante, asante", na kila ulichokisoma anakihesabu kuwa kimekwisha. Hilo ndilo nililomfanyia mkunga. Laiti ningemkaribisha kwa jina na salamu tu, nikaurekodi utangulizi siku mbili baadaye nikiwa peke yangu, asingejua nimesema nini mlangoni, na kisa chake kingebaki chake.

Kuna sababu ya sisi kuwa na mazoea haya, nayo ni redio. Wengi tunaofanya podikasti tulikulia kwenye redio, ama kazini ama masikioni. Redioni msikilizaji hufika wakati wowote. Mmoja amewasha saa tatu kamili, mwingine amepanda daladala saa tatu na robo akakuta kipindi kinaendelea. Kwa hiyo mtangazaji wa redio anafanya kazi yake vizuri kabisa anapomtambulisha mgeni mara tatu nne kwa saa, cheo na yote, na anapodokeza mambo makubwa mapema, kwa sababu hajui nani atabaki. Podikasti ni kinyume chake. Msikilizaji amekiona kichwa cha kipindi, amelisoma jina la mgeni, ameamua kutumia bando lake, amebonyeza mwenyewe, na anaanza mwanzo. Anapoisikia sauti yako ya kwanza tayari amekubali kuingia. Kazi iliyobaki si kumshawishi kwamba mgeni ni mkubwa. Ni kumpa anachohitaji ili mazungumzo yakianza asipotee.

Hebu fikiria barazani. Watu wameketi, kahawa inazunguka, anafika mwenyeji wenu na mtu msiyemjua. Mwenyeji atasema nini? "Huyu ni mwana wa marehemu fulani, ametoka Kilwa, amekuja kwa habari ya lile shamba." Kisha anaketi, na mgeni anaanza kusema. Katika sentensi ile moja mmejua mtu ni nani, anatokea wapi na kimemleta nini. Shamba lenyewe lina mgogoro gani, nani kamdhulumu nani, hayo mwenyeji hakuyagusa ingawa walizungumza njia nzima. Angeyagusa, mgeni angekaa tu akitikisa kichwa.

Utangulizi mzuri wa podikasti umejengwa vilevile, na ugumu uko kwenye mstari wa kugawa: lipi langu mimi mtangazaji, lipi la mgeni. Nimekuja kutegemea maswali mawili, nikiyauliza juu ya kila taarifa niliyo nayo. Swali la kwanza: msikilizaji asipoijua hii, atapotea katika dakika tano za mwanzo? Kama ndiyo, naisema. Swali la pili: mgeni akiisimulia mwenyewe, itakuwa na uhai kuliko nikiisema mimi? Kama ndiyo, namwachia. Tabu inakuja pale majibu yote mawili yanapokuwa ndiyo, na kwa hapo mfano utatufaa kuliko maelezo.

Tuseme umempata Filbert Bayi. Sijawahi kumhoji, namchukua kwa sababu habari zake ziko wazi na wengi wetu tunalijua jina, ingawa vijana wengi hawajui zaidi ya jina. Hizi ndizo taarifa zilizo mezani. Alizaliwa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Nyuzilandi, alishinda mbio za mita 1,500 kwa rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.16. Alikimbia mbele kutoka mwanzo hadi mwisho, na John Walker wa Nyuzilandi aliyemfuata naye aliipita rekodi ya zamani. Mwaka 1975 Bayi akavunja rekodi ya maili moja mjini Kingston, Jamaika. Mwaka 1976 Tanzania ikasusia Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, kwa kuwa timu ya raga ya Nyuzilandi ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na medali ya dhahabu ya mita 1,500 ikachukuliwa na Walker huyohuyo. Mwaka 1980 kule Moscow, Bayi alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akaongoza sehemu kubwa ya mbio, akapitwa katika mzunguko wa mwisho, akapata medali ya fedha. Baadaye akawa kiongozi wa michezo na mwanzilishi wa shule.

Utangulizi uliozoeleka ungekuwa hivi: "Mgeni wangu leo ni gwiji wa riadha, Mzee Filbert Bayi, ambaye ni mshindi wa medali ya dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka elfu moja mia tisa sabini na nne, ambaye pia alivunja rekodi ya dunia, ambaye aliikosa Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya mgomo, na ambaye mwaka elfu moja mia tisa themanini aliongoza mbio za Moscow lakini akapitwa mwishoni na kupata medali ya fedha, na ambaye hivi sasa anamiliki shule. Mzee Bayi, karibu." Hakuna uongo ndani yake. Lakini angalia kilichobaki. Akiulizwa kuhusu Moscow, msikilizaji anajua alipitwa. Akiulizwa kuhusu Montreal, tunajua hakwenda. Mzee wa watu amekaribishwa kwenye kipindi ambacho mwisho wa kila kisa umeshatangazwa.

Sasa tupitishe taarifa zilezile kwenye maswali mawili.

Karatu 1953: msikilizaji hapotei bila mwaka, lakini umri wake siku ya mbio una uzito. Alikuwa na miaka ishirini. Nauchukua huo umri na kuuacha mwaka wa kuzaliwa. Mita 1,500 ni nini? Hapa msikilizaji asiyefuatilia riadha atapotea kweli, na Mzee mwenyewe hatakumbuka kueleza, kwa sababu kwake ni kama kueleza maji ni nini. Kwa hiyo ni kazi yangu: mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja. Vilevile naeleza kwamba desturi ya mbio hizo ni kujificha nyuma ya wenzako na kuchomoka mwishoni. Bila hilo, maneno "alikimbia mbele mwanzo hadi mwisho" hayamwambii mtu chochote.

Rekodi yenyewe ndiyo taarifa ngumu, yenye ndiyo mbili. Je, niseme alishinda? Nasema, na hapa natofautiana na wanaoamini kwamba uhondo ni matokeo. Matokeo ya Christchurch yako vitabuni tangu 1974, na pengine yako hata kwenye kichwa cha kipindi chako. Kumficha msikilizaji jambo analolijua ni kumfanya mtoto. Kisicho kitabuni ni kilichokuwa kichwani mwa kijana wa miaka ishirini asiyemwona anayemfuata. Hicho ndicho cha mgeni, na ili tukitamani, lazima kwanza tujue kwamba alifanikiwa.

Moscow ni kinyume. Wasikilizaji wengi wa leo hawaijui, na thamani yake kwenye mazungumzo ni kwamba haitarajiwi. Unasikiliza ukiamini kukimbia mbele humletea ushindi, kisha anakufikisha mzunguko wa mwisho. Nikiitaja mlangoni nimeiua. Kwa hiyo siitaji, na siidokezi pia. Sisemi "na machungu yaliyomkuta baadaye". Kidokezo cha namna hiyo humfanya msikilizaji ayasubiri machungu kwa nusu saa, akiwa hasikilizi kinachosemwa sasa.

Na Montreal? Kuhusu ule mgomo, msikilizaji kijana atahitaji kuelezwa: raga, Nyuzilandi, Afrika Kusini, kwa nini nchi ziligoma. Maelezo hayo ni sekunde arobaini hivi. Yakiwekwa kwenye utangulizi, yanafichua na pia yanachosha, kwa kuwa yatahitajika dakika ya ishirini na tano na si sasa. Dawa yake ni kuyaweka palepale yanapohitajika: unarekodi sauti yako ukieleza, unaiingiza katikati ya kipindi mgeni anapokaribia kulitaja. Watu wengi hawajui kwamba hilo linaruhusiwa. Utangulizi haulazimiki kubeba mizigo yote ya kipindi.

Rekodi ya maili, uongozi, shule: hayo huenda kwenye maelezo ya maandishi yaliyo chini ya kipindi. Anayetaka atasoma.

Baada ya mchujo huo, hivi ndivyo ningeusema:

"Alikuwa na miaka ishirini. Mbio ni za mita elfu moja na mia tano, mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja, na desturi yake ni kujificha nyuma ya wenzako, ukasubiri, mwishoni ndipo uchomoke. Yeye bastola ilipolia alikwenda mbele, akabaki hukohuko. Ilikuwa Februari ya mwaka sabini na nne, mjini Christchurch, Nyuzilandi, na aliyekuwa akimfuata nyuma ni kijana wa nyumbani, John Walker. Kijana wa Karatu akaondoka na rekodi ya dunia. Hayo yameandikwa. Lakini mtu anayekimbia mbele hamwoni anayemfuata. Anajuaje yuko umbali gani? Na dunia nzima ikishajua kwamba hivyo ndivyo unavyokimbia, mbio zinazofuata unazikimbiaje? Nilikwenda kumwuliza mwenyewe, Mzee Filbert Bayi. Tulianza na ule mlio wa bastola."

Ni maneno mia moja na kidogo. Kwa mwendo wangu wa kusoma ni kama dakika moja. Inayofuata ni sauti ya Mzee, hapohapo, bila "karibu sana", bila "asante kwa kunialika". Salamu zenu zilikuwapo kwenye chumba cha kurekodi, na zilistahili kuwapo, ila hazilazimiki kumfikia msikilizaji.

Angalia maswali mawili ya kuelekea mwisho. La pili linafungua njia ya Moscow bila kuitaja. Hapo ndipo ninapopima utangulizi: je, umeacha swali ambalo jibu lake limo kweli ndani ya kipindi? Kama swali lina jibu humo, msikilizaji atalifuata mwenyewe. Ukiuliza swali kubwa ambalo mgeni hakulijibu, umemdanganya, na atakumbuka.

Hii ndiyo sababu utangulizi huandikwa baada ya kurekodi mahojiano. Wengi huuandika kabla, kwa kutumia wasifu uliotumwa na mgeni au na ofisi yake, na hivyo unaeleza mtu aliyetarajiwa, wakati aliyekuja ni mwingine. Ukiandika baadaye unajua alisema nini, aling'aa wapi, alilikwepa lipi. Sikiliza kwanza kipindi kizima kilichohaririwa, kalamu mkononi. Andika dakika ambayo kila kisa kikubwa kinaanza na dakika kinapoisha. Kisha weka alama kwenye vile visa viwili vitatu vinavyobeba kipindi, na juu ya kila kimoja jiandikie "mkono usiguse". Utangulizi utaandikwa kuvizunguka.

Nirudi kwenye Kiswahili chenyewe, maana kina tabia zake masikioni. Ugonjwa wa kwanza wa utangulizi wetu ni "ambaye". Kwenye karatasi msomaji anaweza kuirudia sentensi. Sikioni, "ambaye" ya tatu inapofika, mtu ameshasahau tunamzungumzia nani. Ivunje. Weka nukta, anza upya na kitendo: "Alikwenda mbele. Akabaki hukohuko." Ugonjwa wa pili ni tarakimu. "Elfu moja mia tisa sabini na nne" ni safari ndefu kwa kitu kisichohitaji urefu huo. Watu wakizungumza husema "mwaka sabini na nne" na wanaelewana. Vilevile "sekunde thelathini na mbili nukta kumi na sita" ni ya jedwali. Nimeiacha kabisa, na hakuna aliyepotea.

Ipo pia zawadi ambayo lugha yetu inatupa, na sijui kwa nini hatuitumii zaidi. Kiambishi "a-" hakisemi mwanamume wala mwanamke. "Alikuwa na miaka ishirini" inaweza kuwa ya mtu yeyote. Unaweza kumpeleka msikilizaji sentensi nne tano akimtazama mtu anayetenda jambo, bila kujua ni nani wala ni wa jinsia gani, kisha jina likafika mwishoni na kutua mahali palipoandaliwa. Kwa mgeni asiyejulikana inafaa kuliko hata kwa anayejulikana, kwa sababu msikilizaji anamjali kwanza kwa alichokifanya, jina linafuata. Isipokuwa usizidishe. Mtu akifika nusu dakika bila kujua anasikia habari za nani, subira inaanza kumtoka.

Sasa yale yanayoaminiwa na watu. Wapo wanaosema kwamba kutotaja vyeo vyote ni kumvunjia mgeni heshima. Nalielewa hili, nami nimelelewa kwenye adabu hiyohiyo. Mtu mzima hatajwi kwa jina kavu. Lakini heshima ya utangulizi iko kwenye mambo mengine. Tamka jina lake kama anavyolitamka yeye, na hilo unalithibitisha kwa kumwomba aliseme mwenyewe kabla ya kurekodi. Tumia anwani anayoitwa kwao: Mzee, Bi, Mwalimu, Daktari, Shehe. Chagua kazi yake moja na uieleze vizuri. Mgeni akisisitiza kwamba ukurasa mzima usomwe, mweleze kwamba utakuwa kwenye maandishi chini ya kipindi, wote na kwa usahihi. Wengi wakielezwa hukubali. Wapo wasiokubali, na hapo ni uamuzi wako na adabu zako.

Wengine wanaamini kwamba kutofichua ni kutumia mafumbo: "Usiondoke, kuna jambo atalisema litakushangaza." Maneno hayo hayana kitu ndani. Yanaweza kuwekwa kwenye kipindi chochote cha mgeni yeyote, na msikilizaji ameshayasikia mara mia. Shauku hutoka kwenye taarifa iliyo kamili na iliyokatwa mahali sahihi. "Anayekimbia mbele hamwoni anayemfuata" ni taarifa kamili. Mtu anaielewa, anaiona, kisha anataka kujua.

Kionjo nacho huharibu kazi yote hii mara nyingi kuliko utangulizi wenyewe. Mhariri hutafuta kipande kikali zaidi, na kipande kikali zaidi kwa kawaida ni mwisho wa kisa: machozi, jibu, tamko. Akikiweka mbele, mtangazaji anaweza kuwa makini anavyotaka, uhondo umekwisha. Kata kionjo kutoka mwanzo wa kisa au katikati yake, mahali ambapo mgeni bado hajui litakalomkuta. Kwa mfano wetu, mgeni akieleza alivyojipanga kwenye mstari ni kionjo. Akieleza alivyomwona mtu akimpita si kionjo. Kichwa cha kipindi nacho kina hatari hiyohiyo, kwa hiyo viandike vyote vitatu siku moja, ukiwa umeviweka mbele yako pamoja.

Utajuaje kama umefaulu? Njia ninayoiamini ni ya mtu mmoja. Mchezeshee utangulizi peke yake mtu ambaye hakuhusika: dada yako, jirani, mwenzako wa ofisini. Usimpe kipindi. Mwulize mambo mawili: "Huyu ni nani?" na "Unataka kujua nini?" Akishindwa la kwanza, umeficha mno. Akijibu la kwanza vizuri lakini la pili akasema, "Aa, basi, nimeelewa," umefichua mno. Akiuliza swali ambalo jibu lake limo ndani ya kipindi, urushe.

Takwimu za majukwaa husaidia kiasi. YouTube, kwa mfano, humwonyesha mwenye kipindi ni asilimia ngapi ya watazamaji bado wapo baada ya sekunde 30 za mwanzo, na mchoro wake unaonyesha watu wanapotoka na wanaporuka. Mchoro ukishuka ghafla kwenye utangulizi na kutulia sauti ya mgeni inapoanza, huenda watu wameruka maneno yako wakamfuata yeye. Ukishuka pale kisa kikubwa kinaposimuliwa, rudi usikilize kama hukukisema mwanzoni. Lakini mchoro hautaji sababu. Mtu anaweza kuwa ameshuka kwenye daladala, au bando limekata.

Yapo mahojiano ambayo kanuni hii haiyafai. Ukimhoji daktari kuhusu dalili za kipindupindu, sema jambo kuu mlangoni, palepale, kwa sababu anayesikiliza huenda ana mgonjwa nyumbani. Na mgeni anayekuja kusimulia unyanyasaji aliofanyiwa, msikilizaji anastahili kuonywa kwa maneno wazi kabla, hata kama onyo linadokeza kisa. Hapo uhondo si hoja.

Kwa yule mkunga nilirudi baada ya miezi kadhaa. Nilimwomba radhi, nikamweleza kwamba nilimmalizia kisa chake, akacheka na kusema hakujua kama lilikuwa kosa. Safari hii sikumwambia chochote kuhusu lori. Nilimwomba tu anieleze masika yalivyokuwa miaka ile, nikanyamaza. Utangulizi niliurekodi wiki iliyofuata, nyumbani, dirisha likiwa limefungwa. Nilisema amezalisha kwa miaka thelathini na moja, kwamba barabara ya kijijini kwake wakati huo ilikuwa haipitiki kuanzia Machi hadi Mei, na kwamba nilimwuliza mkunga anafanyaje barabara inapofungwa.

Sauti yake inaanza hapo. "Mwanangu," anasema, "wewe umewahi kupanda lori la mkaa?"